Gavana ya Propela: Jinsi Mizunguko ya Injini ya Ndege Inavyobaki Palepale

Gavana ya propela ni kifaa kidogo cha chuma kinachofungwa kwenye injini ya ndege na kuzungushwa na gia za injini hiyohiyo. Kazi yake ni moja: kugeuza mapanga ya propela, kuyalaza au kuyasimamisha kidogokidogo, ili injini izunguke kwa mwendo aliouchagua rubani. Ndege ikipanda, ikishuka, ikiongeza kasi au ikikumbana na upepo wa ghafla, idadi ya mizunguko kwa dakika hurudi palepale bila rubani kugusa kitu.

Mfano unaofaa kueleza kazi hiyo ni Cessna 206, ndege ya injini moja inayobeba watu na mizigo kwenye viwanja vya nyasi na vumbi katika sehemu nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo. Toleo lake la 206H lina injini ya Lycoming yenye nguvu farasi 300 kwenye mizunguko 2,700 kwa dakika, na propela ya McCauley yenye mapanga matatu na kipenyo cha karibu mita 2. Mbele ya rubani kuna vishikio vitatu vya kusukuma na kuvuta. Cheusi huamua hewa kiasi gani iingie kwenye injini, chekundu hupima mchanganyiko wa petroli na hewa, na cha buluu ni cha propela. Cha buluu hakigeuzi mapanga moja kwa moja. Kinaiambia gavana mizunguko inayotakiwa, na gavana ndiyo inayotafuta mwinamo wa mapanga utakaoleta mizunguko hiyo.

Kwa nini panga lazima ligeuke

Panga la propela limechongwa kama bawa la ndege. Likikata hewa kwa pembe ndogo, huvuta vizuri na kumchosha mzungushaji kidogo. Nyuzi 3 au 4 hivi ni pembe nzuri. Pembe ikizidi nyuzi 15 au karibu na hapo, hewa huacha kushikamana na mgongo wa panga, mvuto hupungua na ukinzani hupanda sana. Pembe ikiwa chini ya sifuri, hewa huanza kulisukuma panga badala ya panga kuisukuma hewa.

Tatizo ni kwamba pembe hiyo haitegemei mwinamo wa panga peke yake. Panga lina safari mbili kwa wakati mmoja: linazunguka, na linakwenda mbele pamoja na ndege. Sehemu ya panga iliyo sentimita 75 kutoka katikati ya propela, injini ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, hukimbia kwa mita 212 kwa sekunde katika duara lake. Ndege ikiwa imesimama, hewa huijia sehemu hiyo kutoka mbele ya mzunguko tu. Ndege ikipanda kwa kilomita 150 kwa saa, yaani karibu mita 42 kwa sekunde, hewa inayokutana na panga huwa imeinama nyuzi 11. Ili panga likutane nayo kwa nyuzi 4, inabidi liinamishwe nyuzi 15 kutoka kwenye duara la mzunguko.

Sasa ndege imefika juu, imenyooka na inasafiri kwa kilomita 250 kwa saa, huku rubani amepunguza mizunguko hadi 2,400. Sehemu ileile ya panga inakimbia mita 188 kwa sekunde, na hewa inayolijia imeinama nyuzi 20. Mwinamo unaofaa sasa ni nyuzi 24. Panga lingebaki kwenye nyuzi 15 za wakati wa kupanda, lingekutana na hewa kwa pembe iliyo chini ya sifuri kwa nyuzi 5. Hewa ingeligeuza kama linavyogeuzwa panga la kinu cha upepo, na injini ingeongezewa mwendo kupita kiasi. Kinyume chake, propela iliyofungwa moja kwa moja kwenye nyuzi 24 ingekata hewa kwa nyuzi 24 kamili ndege ikiwa bado imesimama mwanzoni mwa barabara ya kurukia. Mapanga yangeburura hewa kwa ukinzani mkubwa, injini isingeweza kufika mizunguko 2,700, na farasi 300 wasingepatikana wakati wanapohitajika zaidi.

Dereva wa lori anayepanda mlima wa Kitonga hukabili jambo kama hilo, naye hulimaliza kwa kubadili gia. Tofauti ni kwamba propela haina gia nne au tano za kuruka kutoka moja hadi nyingine. Mwinamo wake hubadilika bila ngazi, na hubadilika wakati wote ndege ikiwa angani.

Wahandisi walifika hapo kwa hatua. Katika miaka ya mwanzo ya 1930, Frank Caldwell wa kampuni ya Kimarekani ya Hamilton Standard alitengeneza propela yenye miinamo miwili, mmoja wa kurukia na mmoja wa safari, na kazi hiyo ikapewa tuzo ya Collier ya mwaka 1933. Kilichokuwa kimebaki ni kumwondolea rubani kazi ya kuchagua. Wazo la kutumia vizito vinavyozunguka kudhibiti mwendo wa mashine lilikuwa la zamani, kwani James Watt alilitumia kwenye injini za mvuke tangu 1788. Lilipounganishwa na propela inayogeuzwa kwa oili, gavana ya propela ikapatikana. Faida yake ilionekana wazi katika kiangazi cha 1940, Waingereza walipozibadilisha kwa haraka Spitfire na Hurricane zao kutoka propela za miinamo miwili kwenda za mwendo usiobadilika. Ndege zilezile, kwa injini zilezile, zikawa zinapanda upesi zaidi.

Nguvu mbili zinazoshindana ndani ya kitovu

Mapanga ya propela ya Cessna 206 yameshikwa kwenye kitovu kwa namna inayoruhusu kila panga kujisokota kwenye mhimili wake. Ndani ya kitovu kuna pistoni moja, na kutoka kwenye pistoni hiyo viungo vidogo vinafika kwenye shina la kila panga. Pistoni ikisogea, mapanga yote matatu yanageuka pamoja na kwa kiasi kilekile.

Upande mmoja wa pistoni kuna oili. Hii ni oili ileile inayolainisha injini, ila imeongezewa presha na kupitishwa ndani ya tundu la kranki hadi kwenye kitovu. Presha ya oili ikizidi, pistoni inasukumwa na mapanga yanaongezwa mwinamo. Propela hukata tonge kubwa zaidi la hewa kwa kila mzunguko, mzigo wa injini huongezeka, na mizunguko hupungua.

Upande wa pili kuna nguvu zinazotaka kuyalaza mapanga. Ya kwanza ni springi iliyomo ndani ya kitovu. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi propela ikiwa kazini, inatokana na mzunguko wenyewe. Panga lililoinamishwa lina uzito mbele na nyuma ya mhimili wake, na kila sehemu ya uzito huo, ikizungushwa kwa kasi, hujivuta ili ikae kwenye duara la mzunguko. Matokeo yake panga linajisokota kuelekea kulala. Kwa hiyo mtengenezaji hakuhitaji pampu ya pili ya kuyarudisha mapanga. Ikitolewa oili, mapanga yanarudi yenyewe, mzigo unapungua na mizunguko inapanda.

Swali lililobaki ni nani anayeamua lini oili iingie kwenye kitovu, lini itoke, na lini isimame.

Ndani ya gavana

Gavana ina vitu vinne vya msingi, na kila kimoja ni rahisi kueleweka. Cha kwanza ni pampu ya gia. Inapokea oili ya injini ambayo kwa kawaida iko kwenye presha ya paundi 50 hadi 90 kwa kila inchi ya mraba, na kuipandisha hadi karibu paundi 300. Bila nyongeza hiyo, oili isingekuwa na ubavu wa kuyageuza mapanga yanayopambana na mzunguko na hewa. Vali ndogo ya usalama huiachia oili inayozidi irudi mwanzo wa pampu.

Cha pili ni vali ya kuongozea. Hii ni nondo nyembamba inayopanda na kushuka ndani ya tundu lake. Ikiwa katikati, kola yake inaziba njia ya kwenda kwenye kitovu. Ikipanda, inafungua njia ya oili yenye presha kuingia kwenye kitovu. Ikishuka, inafungua njia ya oili ya kitovu kutoka na kurudi kwenye injini.

Cha tatu na cha nne ni washindani wawili wanaoivuta vali hiyo. Juu yake kuna springi inayoisukuma chini. Pembeni yake kuna vizito viwili vyenye umbo la herufi L, vilivyofungwa kwa bawaba kwenye sahani inayozunguka pamoja na injini. Vikizungushwa, vizito vinatanuka kwenda nje, na vidole vyao vya chini vinainua vali juu. Injini ikienda kwa mwendo uliochaguliwa, nguvu ya vizito inalingana sawasawa na nguvu ya springi. Vali inakaa katikati, oili iliyomo kwenye kitovu haina pa kwenda, na mapanga yanabaki yalipo.

Kishikio cha buluu cha rubani kimeunganishwa kwa kebo na mkono ulio juu ya gavana, na mkono huo unabana au kulegeza springi. Springi ikibanwa zaidi, vizito vinahitaji mwendo mkubwa zaidi ili kuishinda, kwa hiyo usawa unapatikana kwenye mizunguko ya juu. Springi ikilegezwa, usawa unapatikana kwenye mizunguko ya chini.

Tukio moja linaonyesha jinsi vitu hivyo vinavyofanya kazi pamoja. Ndege iko safarini kwa kilomita 250 kwa saa na mizunguko 2,400. Rubani anashusha pua kidogo, na kasi inapanda hadi kilomita 280. Hewa inayokutana na mapanga sasa imeinama zaidi kwa nyuzi 2 hivi, kwa hiyo mapanga yanaikata kwa pembe ndogo kuliko mwanzo. Mzigo wa propela umepungua lakini nguvu ya injini ni ileile, na mizunguko inaanza kupanda. Nguvu ya vizito haiendi sambamba na mizunguko. Inakwenda kwa mraba wake, kiasi kwamba mizunguko ikitoka 2,400 hadi 2,450, ongezeko la asilimia 2, nguvu ya vizito inaongezeka kwa asilimia 4. Springi imezidiwa. Vizito vinatanuka, vali inapanda, na oili yenye presha inaingia kwenye kitovu. Pistoni inasogea, mapanga yanaongezwa nyuzi 2 hivi, mzigo unarudi na injini inaanza kupungua mwendo. Mizunguko inapokaribia 2,400, vizito vinajikunja, vali inarudi katikati na kuziba njia. Yote haya huisha kwa muda mfupi sana, na kwenye mita sindano hutikisika kidogo tu.

Rubani akiinua pua, mambo hugeuka. Kasi inashuka, mapanga yanaikata hewa kwa pembe kubwa, mzigo unaongezeka na mizunguko inaanza kushuka. Vizito vinadhoofika, springi inaishusha vali, oili inatoka kwenye kitovu, na mapanga yanajilaza mpaka injini irudi kwenye mwendo wake.

Safari moja kutoka Arusha

Uwanja wa ndege wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Cessna 206 inayoondoka hapo kwenda Serengeti hupitia karibu kila hali ambayo gavana imetengenezwa kuikabili.

Mwanzoni mwa barabara ya kurukia, kishikio cha buluu kimesukumwa hadi mwisho, maana yake springi imebanwa kwa mizunguko 2,700. Rubani anasukuma kishikio cheusi. Ndege bado imesimama, mapanga yamelala hadi kwenye kizuizi cha mwisho, na mizunguko inaweza kuwa pungufu kidogo ya 2,700. Hadi hapo gavana haina la kufanya, kwani springi inashinda, vali iko chini, na mapanga hayawezi kulala zaidi. Ndege ikishika kasi, mzigo unapungua, mizunguko inafika 2,700, na gavana inaanza kazi kwa kuongeza mwinamo kadiri kasi inavyopanda.

Kwenye mita ya pili rubani anaona jambo ambalo gavana haiwezi kulirekebisha. Mita hiyo hupima presha ya hewa inayoingia kwenye silinda. Pwani, injini isiyo na taboo ya kusukumia hewa ingeonyesha inchi 29 hivi za zebaki. Arusha inaonyesha 25 au pungufu, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Injini inazunguka mara 2,700 kama ingekuwa Tanga, lakini kila mzunguko una hewa kidogo na hivyo nguvu kidogo. Gavana hulinda mizunguko tu. Nguvu iliyopotea kwa sababu ya mwinuko haiwezi kuirudisha.

Wakati wa kupanda, nguvu inaendelea kupungua polepole pamoja na hewa. Ndege inapokaribia mita 3,200, mwinuko wa kuvukia nyanda za juu za Ngorongoro, presha hiyo iko karibu inchi 20. Ndege ikiwa imenyooshwa na kasi imepanda, rubani anavuta kishikio cha buluu taratibu. Springi inalegezwa, vizito vinashinda, oili inaingia kwenye kitovu, na mizunguko inashuka hadi 2,400. Mapanga sasa yamesimama zaidi. Kwa kila mzunguko ndege inasogea mbele zaidi, kelele zinapungua, na injini inachakaa kidogo. Ncha za mapanga pia zinapata nafuu. Kwenye mizunguko 2,700 zilikuwa zinakimbia zaidi ya mita 280 kwa sekunde, karibu na mwendo wa sauti, na huko propela hupiga kelele nyingi huku ikipoteza nguvu.

Wakati wa kushuka kuelekea Seronera, kasi inapanda na gavana inaongeza mwinamo. Karibu na kutua, rubani amepunguza nguvu na kasi, na mapanga yanazidi kujilaza hadi yafike kwenye kizuizi. Kuanzia hapo mizunguko inafuata kishikio cheusi na kasi ya ndege, kama kwenye ndege yenye propela isiyogeuka. Kabla ya kutua rubani husukuma cha buluu hadi mwisho. Ikibidi kughairi kutua na kupanda tena, gavana iwe tayari imepangwa kwa mizunguko 2,700 na nguvu yote ipatikane mara moja.

Mambo ambayo mita ya mizunguko haisemi

Kwenye ndege yenye propela isiyogeuka, injini ikipoteza nguvu mizunguko hushuka na rubani hujua papo hapo. Gavana huondoa dalili hiyo. Nguvu ikipungua, gavana hulaza mapanga na mizunguko hubaki 2,400 kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka mapanga yafike kwenye kizuizi. Kwa sababu hiyo rubani wa ndege ya namna hii husoma mita mbili pamoja. Kwenye ndege zenye kabureta, kwa mfano, barafu ikianza kuziba njia ya hewa, dalili ya kwanza ni kushuka kwa presha ya hewa inayoingia kwenye silinda, huku mizunguko imetulia. Kupungua kwa kasi ya ndege na injini kutetema ni dalili nyingine za kuzingatiwa.

Jambo la pili linahusu mpangilio wa vishikio. Rubani anaweza kuilazimisha injini kumeza hewa nyingi huku mizunguko ikiwa michache, na hapo presha na joto ndani ya silinda vinaweza kupanda kupita kiasi. Utaratibu unaofundishwa unazuia hali hiyo. Nguvu ikiongezwa, cha buluu kinatangulia cheusi. Nguvu ikipunguzwa, cheusi kinatangulia cha buluu. Kitabu cha ndege husika hutoa jedwali la mizunguko na presha zinazokubalika pamoja, na jedwali hilo ndilo la kufuatwa.

Kuipima kabla ya kuruka

Kabla ya kuingia kwenye barabara ya kurukia, rubani wa Cessna 206 huongeza injini hadi mizunguko 1,800 na kuvuta kishikio cha buluu. Kabla hajavuta, gavana ilikuwa imepangwa kwa 2,700, hivyo kwenye 1,800 mapanga yalikuwa yamelala kabisa. Anapovuta, anaipanga kwa mizunguko iliyo chini ya 1,800, na vizito vinashinda. Mambo matatu yanatakiwa kuonekana kwa mpigo mmoja: mizunguko inashuka, presha ya hewa inayoingia kwenye silinda inapanda kidogo kwa kuwa injini imepunguza kasi ya kuinyonya, na presha ya oili inashuka kidogo kwa sababu oili imeitwa kwenye kitovu. Rubani husukuma kishikio kabla mizunguko haijashuka mno, na mizunguko hurudi 1,800.

Asubuhi ya baridi zoezi hilo hurudiwa mara mbili au tatu. Oili iliyolala kwenye kitovu usiku kucha ni nzito, na kila mrudio huitoa na kuingiza iliyopashwa moto na injini.

Majibu ya zoezi hilo husaidia kutambua ubovu. Mizunguko ikichelewa kushuka hata baada ya oili kupata moto, huenda njia ya oili ina utope au vali ya kuongozea inakwama. Mizunguko ikipanda na kushuka yenyewe angani, kama inayowinda mahali pa kutulia, fundi huangalia hewa iliyonaswa kwenye oili, uchafu ndani ya gavana, au kebo iliyolegea. Propela inayoitika vizuri oili ikiwa baridi lakini ikakataa kushusha mizunguko oili ikipata moto huashiria kuvuja. Oili ya moto ni nyepesi, na hupenya kwenye nafasi iliyochakaa kati ya gavana na kranki kabla haijafika kwenye kitovu.

Kitovu chenyewe pia hutoa dalili. Kwenye baadhi ya propela zake, McCauley hujaza kitovu kwa oili iliyotiwa rangi nyekundu. Michirizi myekundu ikionekana kwenye shina la panga, fundi anajua kwamba imevuja kutoka ndani ya kitovu, pengine kwenye ufa, na ndege hairuki mpaka ichunguzwe.

Oili ikikosekana

Ubovu unaoogopwa zaidi ni kukatika kwa presha ya oili inayokwenda kwenye propela. Kwenye Cessna 206 matokeo yake yanafuata maelezo ya hapo juu: hakuna kinachoshindana na springi na mzunguko, hivyo mapanga yanajilaza hadi kwenye kizuizi. Kwa kasi ya safari, mapanga yaliyolala humaanisha mizunguko kupita 2,700. Rubani hupunguza nguvu na kuinua pua ili kasi ishuke, kwa kuwa kadiri kasi inavyopungua ndivyo mizunguko inavyorudi ndani ya mpaka. Ikiwa hitilafu iko kwenye gavana peke yake, ndege bado inaweza kuruka polepole hadi uwanja wa karibu. Ikiwa oili ya injini yote imevuja, muda ni mfupi, na kutua ni jambo la dharura.

Ndege za injini mbili hupangwa kinyume. Injini moja ikizimika, mapanga yaliyolala huikokota ndege kama breki, hivyo watengenezaji huongeza vizito kwenye mashina ya mapanga vinavyoyasukuma yasimame, na oili hutumika kuyalaza. Oili ikikosekana, mapanga yanajielekeza sambamba na hewa na ukinzani unapungua. Cessna Caravan, ingawa ina injini moja, ina mpango wa aina hiyo kwenye injini yake ya tabini, na propela yake haizidi mizunguko 1,900 kwa dakika. Vizito, springi na vali vya gavana hubaki na kazi ileile. Kinachobadilika ni upande ambao oili inasukuma.

Gavana haifunguliwi na kurekebishwa uwanjani. Fundi wa ndege anaweza kuangalia kebo, kubadilisha gasketi na kichujio kilicho kati yake na injini, na kurekebisha kikomo cha mizunguko ya juu kwa kufuata kitabu. Kazi ya ndani hufanywa kwenye karakana iliyoidhinishwa, ambako gavana huzungushwa juu ya mashine ya majaribio na presha yake kupimwa. Injini ikiwa imevunjika ndani na kumwaga chembe za chuma kwenye oili, gavana na propela navyo lazima vifunguliwe na kusafishwa, kwa sababu oili iliyobeba chembe hizo ndiyo inayopita katikati ya vali ya kuongozea.